Majina ya grupuni hadi orodha inayoaminika: tulivyojaza Kosta ya watu 28 kutoka Mwanza

Ukisema kwenye grupu la WhatsApp "anayekwenda aandike jina", kinachofuata unakijua. Mtu wa kwanza anaandika "1. Doto", wa pili anaikopi meseji hiyo, anaongeza "2. Kabula" na kuirusha tena. Siku nne baadaye una meseji sitini za namna hiyo, katikati yake kuna salamu za asubuhi, tangazo la dagaa wa jumla na ubishi wa mpira. Katibu anashuka hadi chini kabisa, anachukua orodha ya mwisho na kusema hii ndiyo yenyewe.

Hiyo ya mwisho karibu kila mara ina makosa. Nilikuwa katibu wa safari ya grupu letu la mtaa, watu 74, tulipokodi Kosta ya abiria 28 kwenda lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti, lile lililo kando ya barabara ya Musoma. Orodha ya mwisho grupuni ilikuwa na majina 31. Watu halisi walikuwa 37. Nitaeleza hao sita walikuwa wamejificha wapi, kisha namna nilivyofuatilia nani kathibitisha na nani kajitoa, kwa kutumia simu na jedwali la Google Sheets tu.

Kwa nini orodha ya mwisho inadanganya

Tazama kipande hiki, nimekifupisha:

```
14/06/2025, 19:42 - Shija: 13. Doto
14. Baba Neema na familia
14/06/2025, 19:44 - Mama Kulwa: 13. Doto
14. Baba Neema na familia
15. Mama Kulwa
16. Mdogo wangu
14/06/2025, 19:45 - Mashaka: 13. Doto
14. Baba Neema na familia
15. Mashaka
```

Mama Kulwa na Mashaka wote wawili waliikopi meseji ya Shija. Mashaka alipokuwa bado anaandika jina lake, Mama Kulwa alikuwa ameshatuma, ila Mashaka hakuiona. Meseji yake ikatoka chini ya ya Mama Kulwa, na kila aliyefuata akakopi ya Mashaka kwa sababu ndiyo iliyokuwa mwisho. Mama Kulwa na mdogo wake wakapotea bila mtu kuwafuta. Yeye mwenyewe aliliona jina lake limesimama kwenye grupu, akalala akijua yumo.

Dalili ya kosa hili ni namba. Ukiona namba moja, hapa 15, imebebwa na watu wawili tofauti katika meseji mbili zinazofuatana kwa dakika chache, orodha imepasuka hapo. Kwetu ilipasuka mara mbili na kumeza watu wanne. Kwa hiyo kazi ya katibu ni kusoma matoleo yote kuanzia la kwanza, na kila toleo kuliuliza maswali mawili: nani ameongezeka, na nani ametoweka?

Funga kwanza, ndipo utoe faili

Usianze kusafisha wakati watu bado wanaandika. Tangaza mwisho wa kuandika na uwe mahususi. "Mwisho Jumatano saa 6" ni kuita ugomvi, maana mmoja ataelewa mchana na mwingine usiku. Andika "Jumatano saa 12 jioni", kisha ibane meseji hiyo juu ya grupu kwa `Pin`, uchague siku 7.

Muda ukifika, fungua grupu, bonyeza vidoti vitatu, `More`, kisha `Export chat`, na uchague `Without media`. Kwenye aifoni `Export chat` iko chini kabisa ya ukurasa wa taarifa za grupu. Jitumie faili hilo kwa barua pepe au lihifadhi kwenye Drive. Kama simu inakataa, angalia kwenye mipangilio ya grupu kama `Advanced chat privacy` imewashwa, kwa sababu ikiwa imewashwa WhatsApp hairuhusu mazungumzo yatolewe nje.

Kuna mambo matatu ya kujua kuhusu faili hilo. Majina ya watumaji yanatoka kama ulivyowahifadhi wewe kwenye simu yako, na usiyemhifadhi anatoka kwa namba yake, kwa hiyo faili langu na lako hayatafanana. Saa zinafuata mpangilio wa simu: 19:42 ni saa 1:42 usiku, usije ukaichanganya na saa za kusema mdomoni. La tatu ndilo linalouma zaidi: vidole gumba ambavyo watu wanabandika juu ya meseji haviingii kwenye faili. Mtu aliyekubali kwa kidole gumba tu hayumo. Inabidi ushike tangazo la kwanza kwenye simu yenyewe, uguse vidole vile na kuandika pembeni waliovibandika.

Kura ya WhatsApp niliwahi kuijaribu safari ya nyuma. Inafaa kuchagua tarehe, ila kwa kuandikisha watu sikuipenda. Mtu akibadili kura haibaki alama ya ile ya kwanza, na anayekuja na mke na watoto anahesabika mmoja.

Mstari mmoja, mtu mmoja

Fungua jedwali jipya. Safu nilizotumia ni hizi, kuanzia A hadi J: Na., Jina kamili, Anavyoitwa grupuni, Simu, Aliyemwandika, Muda, Hali, Tarehe ya hali, Anapopandia, Maelezo. Safu ya Simu igeuze kuwa maandishi tu kabla ya kujaza (`Format`, `Number`, `Plain text`), la sivyo jedwali litakula sifuri ya mwanzo.

Sasa pitia faili toka juu. Kila jina linapotokea kwa mara ya kwanza, lipe mstari wake na uandike muda wa meseji iliyolileta. Safu ya Aliyemwandika usiiruke. "Mdogo wangu" kaandikwa na Mama Kulwa, yeye mwenyewe hajasema lolote, na pengine hana hata habari kuwa kuna safari. Jina likitoweka kwenye toleo linalofuata, angalia nani alituma toleo hilo. Kama ni mwenye jina, kajitoa. Kama ni mtu mwingine, orodha imepasuka, na mwenye jina anabaki na muda wake wa awali.

Maneno ya pembeni nayo ni ya kuyasoma kwa makini, kwa sababu watu wetu hawapendi kukataa hadharani. "Niandikeni" ni jina. "Mungu akipenda nitakuwepo" nimeliandika kama jina pia, maana wengine husema hivyo hata wakiwa wameshafunga begi. "Nitaangalia ratiba", "mambo mazuri hayo" na "safari njema" si majina, hata kama yamekuja na makofi kumi.

Baada ya kupitia matoleo yote nilikuwa na mistari 36: 31 ya orodha ya mwisho, wanne waliomezwa, na mmoja aliyejifuta mwenyewe siku ya pili.

Kisha nikagundua kuwa baadhi ya mistari ni ya mtu mmoja. Hapa Usukumani mtego ni wa mapacha. Kulwa na Doto ni majina ya mapacha, kwa hiyo katika mtaa mmoja hukosi akina Kulwa watatu, na mama yao mmoja anaitwa Mama Kulwa na huyu, Mama Doto na yule. Namba 22 kwenye orodha ya mwisho ilikuwa "Mama Doto". Ni jirani yake alimwandikia, akijua hayumo. Ni yule yule Mama Kulwa aliyemezwa usiku wa kwanza. Jina haliwezi kukuonyesha hilo, ila namba ya simu inaweza. Kwa hiyo tafuta namba ya kila mtu kwenye orodha ya wanagrupu, kisha kwenye safu ya K zilainishe zote zifanane:

```
=RIGHT(REGEXREPLACE(D2,"[^0-9]",""),9)
```

Hiyo inafuta nafasi, vistari na alama ya kujumlisha, inabakiza tarakimu tisa za mwisho. Mtu akiandika kwa kuanzia na 0 au na +255, matokeo ni yale yale. Kwenye safu ya L uliza namba hiyo imeonekana mara ngapi:

```
=IF(K2="","",COUNTIF(K$2:K$100,K2))
```

Ikitoka 2 au zaidi, usifute papo hapo. Simama uangalie. Mama Kulwa na Mama Doto walikuwa mtu mmoja, na "Shija" na "Shija M." vilevile, kwa hiyo 36 ikawa 34. Mistari hiyo niliunganisha kwa kubakiza muda wa mapema zaidi. Lakini "Baba Neema na familia" ulikuwa mstari mmoja wenye watu wanne, ukaongeza watatu, na wote wanne wana namba moja ya simu kwa haki kabisa: watoto hawana simu. Bibi anayepigiwa kupitia simu ya mjukuu naye ni hivyo hivyo. Tukafika 37.

Panga mistari kwa safu ya Muda, ndipo utoe namba za kudumu. Namba hiyo haibadiliki tena hadi safari iishe, hata mtu wa juu yake akijitoa. Watu wanazishika sana namba zao, na siku ukiwasogeza utapokea simu ishirini.

Hali tano na si zaidi

Safu ya Hali iwe ya kuchagua, isiwe ya kuandika kwa mkono, ili usiwe na "kalipa", "Amelipa" na "kalipia" mahali pamoja. Kwenye Google Sheets ni `Insert`, kisha `Dropdown`. Mimi nilitumia hali tano: kajiandika, foleni, kalipa, kajitoa, kimya. Kila unapobadili hali, jaza na tarehe pembeni, na sababu fupi kwenye Maelezo.

Hutaona hali ya "kathibitisha" hapo, na nimeiacha makusudi. Safari moja ya nyuma niliitumia. Watu 26 walithibitisha kwa maneno, waliotokea asubuhi ni 19, na mwenye gari alitaka pesa ya gari zima. Toka siku hiyo kwangu uthibitisho ni nauli. Kama shughuli yenu haina malipo, basi dai kitendo kingine ambacho mtu hawezi kukifanya kwa adabu tu, kwa mfano kutuma jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho na kutaja kituo atakachopandia.

Kati ya watu 37, mmoja alikuwa ameshajifuta, wakabaki 36 wanaotaka viti 28. Wa kwanza 28 kwa muda wakawa "kajiandika", nane wa mwisho wakawa "foleni". Hapo ndipo safu ya Muda inapokuokoa. Mama Kulwa, ambaye kwenye orodha ya grupu alikuwa wa 22 kwa jina la Mama Doto, muda wake wa kweli ulikuwa 19:44 ya siku ya kwanza, na akaingia bila mjadala. Mdogo wake naye.

Kuthibitisha faraghani

Usiulize grupuni "nani bado yumo?" Utapata vidole gumba na utaanza upya. Mtumie kila mmoja meseji yake, yenye swali linalojibika kwa neno moja:

"Shikamoo mama. Ni katibu wa safari ya Ndabaka, Jumamosi tarehe 28. Kwenye orodha wewe ni namba 18, na mdogo wako ni namba 19. Nauli ni 35,000 kwa kila mmoja, mwisho Jumatano tarehe 25 saa 12 jioni. Nijibu NDIYO au HAPANA, na unapandia wapi: Mabatini, Buzuruga, Igoma au Kisesa? Baada ya muda huo kiti kinakwenda kwa aliye kwenye foleni."

Mama Kulwa alijibu dakika tano baadaye: "Marahaba mwanangu. NDIYO, Igoma. Huyo mdogo wangu muulize mwenyewe, nilimwandika tu." Nikaomba namba yake, nikampigia. Alikuwa na zamu kazini Jumamosi hiyo. Ndiyo maana aliyeandikwa na mwingine huulizwa yeye.

Pesa ikiingia, jina kwenye ujumbe wa malipo mara nyingi si la msafiri. Laini imesajiliwa kwa jina la mume, au kalipia kwa wakala. Usimalize siku bila kuuliza "hii 35,000 ni ya namba ngapi?" na uandike namba ya muamala kwenye Maelezo. Nilijifunza kuwaambia watu wanitumie namba yao ya orodha mara tu wanapolipa: "18 tayari".

Jumatano jioni, kati ya wale 28, waliolipa walikuwa 21, waliojitoa watatu, na wanne kimya. Viti saba vikawa wazi.

Anayejitoa hafutwi

Mstari wa aliyejitoa unabaki palepale. Unabadili hali kuwa "kajitoa", unajaza tarehe, basi. Ukiufuta, siku tatu baadaye mtu atakuuliza "mbona fulani hayupo?" nawe hutakumbuka kama alijitoa au ulimsahau. Isitoshe, hesabu yako haitafunga tena.

Foleni inafuata muda na inaitwa mmoja mmoja. Nilimpigia wa kwanza kwenye foleni, nikampa hadi kesho yake saa 6 mchana, na wa pili vivyo hivyo, hadi viti saba vikawa na watu walioitwa. Watano walilipa, wawili wakasema wameshapanga mengine. Nikamwita wa nane, akalipa. Wakawa 27. Alhamisi jioni mmoja wa wale wanne kimya akaibuka na pesa mkononi: simu ilikuwa imeharibika. Kiti kilikuwapo, akapata. Kama foleni ingekuwa bado na mtu, angekwenda mwisho wa foleni, na hilo lilikuwa limetangazwa mapema.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kiti cha kupewana. Mmoja wa waliojitoa aliniambia, "Usihangaike kaka, nafasi yangu nimempa shemeji." Nilimjibu kwa upole kwamba shemeji anakaribishwa, ila foleni ina watu wanane. Ukikubali mmoja, foleni inakuwa ya mapambo na kila mtu atamtafuta rafiki mwenye kiti.

Kila usiku nilihakiki kwa hesabu moja tu: jumla ya hali zote lazima iwe idadi ya mistari. Kwa kila hali unaweka fomula kama hii:

```
=COUNTIF(G$2:G$100,"kalipa")
```

Alhamisi usiku ilisoma kalipa 28, kajitoa 6, kimya 3. Jumla 37. Sita wale ni yule aliyejifuta mwanzoni, watatu wa Jumatano na wawili wa kwenye foleni. Jumla isipofika idadi ya mistari, kuna mstari usio na hali. Ikiwa kalipa ni nyingi kuliko pesa iliyopo, kuna mtu umembadilisha kwa ahadi ya mdomo.

Kurudisha orodha grupuni

Watu wanataka kuona, na wana haki. Ila anayepesti awe mmoja tu, na juu ya orodha kuwe na saa: "ORODHA YA ALHAMISI, SAA 3 USIKU. USIIKOPI. Ukiona kosa nitumie meseji mimi." Fomula hii inakutengenezea maandishi ya waliolipa kwa mpigo:

```
=TEXTJOIN(CHAR(10),TRUE,FILTER(A2:A100&". "&B2:B100,G2:G100="kalipa"))
```

Namba zitaruka, 17, 18, 20, na ndivyo inavyotakiwa. Ukikuta alama za nukuu mwanzo na mwisho baada ya kupesti, zifute. Usirushe jedwali zima, maana lina namba za simu za watu na sababu zao za kujitoa, na mambo ya nyumbani kwa mtu si ya grupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ila hata isingekuwepo, mtu aliyekuambia hana nauli mwezi huu hakukuambia ili wasome watu 74.

Asubuhi ya safari

Ijumaa usiku mmoja aliyelipa alipata msiba. Hali yake ikawa "kajitoa", kwenye Maelezo nikaandika "alishalipa", na foleni haikuwa na mtu. Tulikuwa tumetangaza toka mwanzo kwamba aliyelipa anarudishiwa pesa kiti kikipata mtu, vinginevyo hapana. Hatukumrudishia kwenye hesabu ya safari, wanagrupu wakamchangia kama wanavyochangia msiba wowote, na hayo ni mambo mawili tofauti yasiyoingia kwenye safu moja.

Kisha chapisha kwenye karatasi, usitegemee simu saa 11 alfajiri. Panga kwa safu ya Anapopandia kufuata barabara ya Musoma: Mabatini, Buzuruga, Igoma, Kisesa. Ita kwa namba na jina kamili, weka alama mtu akiwa ameshakaa kwenye kiti, si anaposema kwa simu "nipo hapa hapa". Nakala moja ya orodha iliyotiwa alama iache kwa mtu anayebaki mjini. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, hapakuwa na orodha kamili ya abiria wa daraja la tatu, na hakuna mtu wa Mwanza wa umri wangu anayehitaji kuelezwa maana yake.

Kisesa nilihesabu vichwa mara mbili: 27, na kiti kimoja kitupu. Karatasi nayo ilisema 27.

Mkirudi, futa lile faili ghafi la mazungumzo kwenye barua pepe na kwenye Drive, maana lina maneno yote ya grupu na si majina pekee. Kwenye jedwali futa safu za simu, D na K pamoja, na L iliyobaki bila kazi. Majina, muda na hali unaweza kubaki nayo hadi hesabu ya pesa isomwe kwenye kikao.